Mistari minne kwenye 4.1 ppm: ni ethili au ni gliseroli?

*Shikamoo mwalimu. Nimetengeneza esta za ethili kwa mafuta ya sangara niliyonunua Mwaloni, Kirumba. Spektra ya NMR ya protoni imetoka kwenye mashine ya megahezi 400. Naambiwa mistari minne karibu na 4.1 ppm ndiyo dalili ya ethili. Sasa CH2 ina haidrojeni mbili tu, hiyo minne inatoka wapi? Na mbona hata mafuta ambayo sijayagusa yana mistari minne palepale?*

Marahaba. Swali lako la pili ndilo zito, na ni vizuri umepima na mafuta ghafi, maana wengi hupima bidhaa peke yake na kushangilia mistari minne isiyo yao. Ila hatulifikii bila kumaliza la kwanza.

Idadi ya mistari haihesabu haidrojeni zilizo kwenye kaboni hiyo. Inahesabu zilizo kwenye kaboni ya jirani, kisha inaongeza moja. Ukitaka kujua haidrojeni ngapi zinatoa ishara fulani, unasoma eneo lililo chini ya mistari yake yote kwa pamoja. Ukitaka kujua zinapakana na nani, ndipo unahesabu mistari. Kwenye ethili, CH2 ina mistari minne kwa sababu jirani yake ni CH3, na CH3 ina mistari mitatu kwa sababu jirani yake ni CH2.

Sababu yake ni hii. Kila kiini cha haidrojeni ni kisumaku kidogo. Ndani ya sumaku kubwa ya mashine kinakaa kwa namna mbili tu: kufuata uga wa mashine au kuupinga. Tuziite juu na chini. Kwenye joto la kawaida namna hizi mbili zinakaribia kulingana kabisa. Kwenye megahezi 400, walioko juu wanawazidi walioko chini kwa viini kama 32 tu katika kila milioni moja, kwa hiyo kwa hesabu yetu tunazichukua kuwa sawa. Sasa simama upande wa CH2 utazame CH3. Haidrojeni zake tatu zinaweza kupangika kwa njia nane: zote juu, njia moja; mbili juu na moja chini, njia tatu; moja juu na mbili chini, njia tatu; zote chini, njia moja. Kila mpangilio unaongeza au kupunguza kidogo sana uga ambao CH2 inauona, na ujumbe huo unapita kwenye elektroni za bondi, hauruki hewani. Kwenye mrija wako kuna mabilioni ya molekuli, zote zikiwa katika mojawapo ya mipangilio hiyo, ndiyo maana CH2 inatokea mara nne, kwa urefu wa 1:3:3:1. Hiyo ndiyo kwarteti. Ukigeuka na kusimama upande wa CH3, haidrojeni mbili za CH2 zina njia nne: juu-juu, juu-chini, chini-juu, chini-chini. Mbili za katikati zina nguvu sawa, zinaangukia mahali pamoja, unapata 1:2:1. Hiyo ni tripleti.

Haidrojeni tatu za CH3 zenyewe kwa zenyewe hazionyeshi mgawanyiko wowote. Kikundi cha CH3 kinazunguka kwa kasi, zote tatu zinaona mazingira yale yale, na haidrojeni zinazolingana kabisa hazigawani mistari yao kwa macho ya mashine. Shika jambo hili, litarudi kwenye gliseroli likiwa kinyume chake.

Chukua ethili asetati, CH3COOCH2CH3, iliyoyeyushwa kwenye CDCl3. Unaona ishara tatu. Ya 4.12 ppm ni kwarteti yenye eneo la haidrojeni 2, hiyo ni OCH2. Ya 2.04 ppm ni mstari mmoja wenye eneo la 3, hiyo ni CH3 ya upande wa asidi. Ya 1.26 ppm ni tripleti yenye eneo la 3, hiyo ni CH3 ya ethili. Ile ya 2.04 ina mstari mmoja kwa sababu jirani yake ni kaboni ya C=O isiyo na haidrojeni. Ujumbe wa majirani kwa kawaida unaonekana ukivuka bondi tatu, yaani H–C–C–H. Ukipita hapo, kwenye molekuli nyepesi kama hii, unakuwa mdogo kuliko upana wa mstari wenyewe.

Sasa upime pengo kati ya mstari na mstari. Kwenye mashine yako ya megahezi 400, mistari minne ya OCH2 hukaa karibu na 4.1466, 4.1289, 4.1111 na 4.0934 ppm. Usipime mistari miwili iliyopakana, maana kosa dogo la kusoma linakuwa kubwa. Chukua ya pembezoni: 4.1466 toa 4.0934 ni 0.0532. Gawa kwa mapengo matatu, zidisha kwa 400, unapata hezi 7.1. Fanya vivyo hivyo kwenye tripleti ya 1.26, ila hapo mapengo ni mawili. Lazima upate 7.1 pia. Pengo hilo linaitwa J, na kulingana kwake pande zote mbili ndiko kunakothibitisha kwamba CH2 hii na CH3 ile ni majirani wa kweli. Programu nyingi huonyesha ppm kwa tarakimu mbili baada ya nukta, na kwa tarakimu mbili J haipimiki. Weka nne, au badilisha mhimili usome hezi moja kwa moja.

J kwa hezi haibadiliki ukibadilisha mashine, kwa sababu inatokana na molekuli yenyewe. Kinachobadilika ni sehemu ya mizani ya ppm inayoliwa na mistari. Kwenye megahezi 400, hezi 7.1 ni ppm 0.018. Kwenye mashine ndogo ya mezani ya megahezi 60, hezi hizo hizo ni ppm 0.118, na kwarteti nzima inatanda kutoka kama 3.94 hadi 4.30.

Angalia pia jinsi mistari inavyoegemea. Kwenye spektra halisi 1:3:3:1 haiwi sawasawa kabisa: mistari iliyo upande wa mwenzake wa mbali huwa mirefu kidogo. Kwarteti ya ethili, ambayo mwenzake yuko kulia kwenye 1.26, inainuka kidogo upande wa kulia. Kwenye megahezi 400 ni kidogo sana kwa sababu ishara hizo mbili ziko mbali, lakini ni dalili nzuri ya kujua mwenzake atafutwe upande gani.

Sasa tuje kwenye mafuta yako.

Mafuta ghafi ya sangara, kama mafuta mengine ya samaki na ya mimea, kwa sehemu kubwa ni trigliseridi: gliseroli moja iliyobeba asidi tatu za mafuta. Gliseroli hiyo ina CH2 mbili za pembeni na CH moja ya katikati, zote zimeshikana na oksijeni ya esta. Ile CH ya katikati inatokea karibu na 5.26, imejibanza pembeni mwa haidrojeni za bondi maradufu C=C za asidi zenyewe. CH2 za pembeni ndizo zinazokusumbua. Haidrojeni mbili za kila CH2 hiyo hazilingani. Hata bondi zizunguke vipi, moja haipati kamwe mazingira sawasawa na ya mwenzake, kwa sababu kaboni ya katikati imebeba vitu tofauti kila upande. Kwa hiyo moja inatokea 4.14 na nyingine 4.29 ppm, na kwa kuwa hazilingani, sasa zinagawana mistari zenyewe kwa zenyewe ingawa ziko kwenye kaboni moja. J yao ni karibu hezi 12. Juu ya hapo, kila moja inagawanywa tena na CH ya katikati: ile ya 4.14 kwa hezi kama 6, ile ya 4.29 kwa hezi kama 4.

Hapa kanuni ya kuhesabu majirani na kuongeza moja haifai tena. Kanuni hiyo inafanya kazi pale tu majirani wote wanapogawa kwa J moja. Majirani wakiwa na J tofauti, unagawanya kwa zamu. Chora mstari mmoja kwenye karatasi, kwenye 4.14. Ugawe kwa hezi 12: unapata miwili, mmoja hezi 6 kushoto na mmoja hezi 6 kulia. Kila mmoja ugawe kwa hezi 6: unapata minne, kwenye hezi 9 na 3 kushoto, na 3 na 9 kulia. Tazama mapengo yake: 6, 6, 6. Mistari minne iliyopangana kwa mapengo sawa, karibu kabisa na 4.1 ppm. Hiyo ndiyo “ethili” uliyoiona kwenye mafuta ambayo hukuyagusa. Si kwarteti. Ni jozi iliyogawanywa mara mbili, ambayo namba zake zimeangukia kwa bahati mahali panapofanana na kwarteti.

Utazitofautishaje? Urefu wa mistari ndio unaosema kwanza. Kwarteti ya ethili ni 1:3:3:1, miwili ya katikati imezidi ya pembeni waziwazi. Ya gliseroli inakaribia 1:1:1:1, huku upande wa kushoto ukipanda kidogo kwa sababu mwenzake yuko kushoto, kwenye 4.29. Kisha upime pengo: hezi 7.1 ni ethili, hezi 6 ni gliseroli. Tofauti ya hezi moja inaonekana ukipima pembezoni, maana kwarteti ya ethili ina upana wa hezi 21 na mistari minne ya gliseroli ina 18. Halafu utafute mwenzake. Ishara ya 4.14 ya gliseroli haiji peke yake, lazima 4.29 pawe na ishara yenye eneo sawa nayo. Ukichora ile ya 4.29 kwa njia ile ile, hezi 12 kisha 4, unapata mapengo ya 4, 8, 4: mistari miwili imekaribiana, nafasi kubwa, kisha miwili tena imekaribiana. Umbo hilo ni rahisi kulitambua, na haligusani na ethili.

Kwenye mafuta haya mwenzake wa ethili ni mgumu kumwona. Tripleti ya 1.25 inaangukia juu ya rundo kubwa la CH2 za minyororo ya asidi, linalokaa kati ya 1.25 na 1.40. Usitegemee kuisoma yote. Mara nyingine unaona mstari wake wa kulia tu ukichomoza kwenye ukingo wa rundo. Na usichanganye tripleti zilizo karibu na 0.88 na 0.97 ppm ukadhani ni ethili yako. Hizo ni CH3 za miisho ya minyororo, ile ya 0.97 ikiwa ya asidi za omega-3. Nazo ni tripleti kwa sababu ile ile, yaani jirani yao ni CH2, na zilikuwepo kabla hujaongeza ethanoli.

Kwa hiyo bidhaa yako ikiwa haijakamilika, eneo la 4.05 hadi 4.20 lina vitu viwili vilivyolaliana: kwarteti ya esta ya ethili kwenye 4.12, na ile mistari minne ya gliseroli kwenye 4.14. Ndiyo maana unaweza kuhesabu mistari sita au saba isiyoeleweka. Mmenyuko haujaharibika, ila umeishia njiani, na spektra hiyo hiyo inakuambia umeishia wapi.

Pima eneo lote la 4.05 hadi 4.20, liite A. Pima eneo la 4.25 hadi 4.34, liite B. B ni ya gliseroli peke yake, haidrojeni 2 kwa kila trigliseridi. Zile nyingine 2 za gliseroli, zilizofichwa ndani ya A, zina eneo lile lile la B. Kwa hiyo A toa B inakupa eneo la OCH2 ya ethili, liite E. Kila asidi iliyogeuka kuwa esta ya ethili inaleta haidrojeni 2 ndani ya E, na kila trigliseridi iliyobaki inaleta 2 ndani ya B huku ikiwa imeshika asidi tatu. Sehemu iliyogeuka ni:

```
E = A - B
x = E / (E + 3B)
```

Tuseme umeweka eneo la karibu na 2.30 ppm, ambalo ni CH2 inayopakana na C=O ya kila asidi, liwe 2.00. Kisha A ikasoma 1.76 na B ikasoma 0.12. E ni 1.64. Mara tatu ya B ni 0.36. 1.64 gawa kwa 2.00 ni 0.82, yaani asilimia 82 ya asidi zimekuwa esta za ethili. Umeona kwamba E jumlisha 3B imetoka 2.00, sawa kabisa na eneo la 2.30. Haikutokea kwa bahati. Kila asidi ina CH2 moja kwenye 2.30, na kila asidi iliyo kwenye esta ya ethili au trigliseridi imehesabiwa upande wa pili. Tumia ulinganifu huo kama ukaguzi wako kila mara. Jumla ikipungua sana chini ya 2.00, huenda una asidi huru ambazo hazijashikana na chochote, maana zina CH2 ya karibu na 2.35 lakini hazina OCH2. Asidi ya DHA nayo inaishusha kidogo, kwa kuwa CH2 zake mbili, si moja, hutokea karibu na 2.4. Jumla ikizidi 2.00, kuna kitu cha ziada ndani ya A.

Kitu hicho cha ziada mara nyingi ni ethili asetati. Kama umeitumia kutenga bidhaa au kuosha vyombo, kwarteti yake iko 4.12 na hezi 7.1, haina tofauti na ya esta yako. Njia ya kawaida ya kuikamata ni mstari wake wa 2.04, lakini kwenye mafuta ya samaki hapo 2.05 pamejaa CH2 zinazopakana na bondi maradufu, kwa hiyo inajificha huko nako. Usiitumie kabisa kwenye kazi hii. Tenga kwa heksani, osha tabaka la heksani kwa maji yenye chumvi, likaushe kwa sodiamu salfeti isiyo na maji, kisha uvukize na umalizie kwa pampu ya ombwe. Heksani ikibaki kidogo itatokea karibu na 0.88 na 1.26, mbali na A na B.

Ethanoli iliyobaki ni rahisi zaidi kuigundua: kwarteti yake iko 3.72. CH2 yake ina jirani mwingine, OH, lakini kwenye CDCl3 ya kawaida huoni OH ikiigawanya. Punje ya asidi au maji inatosha kuifanya haidrojeni ya OH iruke kutoka molekuli moja hadi nyingine kwa kasi, na CH2 inaona wastani tu. Ila ukikuta mistari mingine kati ya 3.55 na 3.75, na kidogo karibu na 5.08, ujue una gliseridi nusu, zile zilizopoteza asidi moja au mbili. Baadhi yake zina ishara ndani ya A zisizo na mwenzake kwenye B, na hapo hesabu yangu ya juu inakupa asilimia kubwa kuliko ukweli. Zikiwa ni chembe, endelea. Zikionekana wazi, usiandike asilimia. Rudisha bidhaa kwenye mmenyuko na ethanoli kavu.

Kuhusu kupima upya, chukua miligramu 15 hadi 20 za bidhaa kwenye mililita 0.6 za CDCl3, uchuje kwa kipande kidogo cha pamba kwenye pipeti ya kioo, ili punje za chumvi zisiingie kwenye mrija. Punje zinaharibu ulinganifu wa uga na mistari inanenepa. Kabla ya kusoma chochote, tazama mstari wa klorofomu kwenye 7.26. Ukiwa mwembamba na wenye pande sawa, endelea. Ukiwa na bega au umepasuka, uga haujarekebishwa vizuri, na bega hilo hilo litajirudia kwenye kila mstari wa kwarteti yako ukadhani ni jirani mpya. Kwa ajili ya maeneo, omba muda wa kusubiri kati ya mapigo uwe sekunde 10, kwa kuwa haidrojeni za ethili na za gliseroli hazirudi kwenye utulivu kwa mwendo mmoja, na ukiharakisha utaipunja moja yao.

Na omba mashine ile ile ya 400 au kubwa zaidi. Ukipewa ya megahezi 60, kwarteti inayofika 4.30 inalaliana na ishara ya 4.29, B haipimiki, na hesabu hii haina pa kuanzia.